Jinsi ya Kuzisoma Alama Zako Mwenyewe: Somo kwa Wanaotathmini Maombi ya Basari

Wakazi wa Makueni wamezoea kuketi katika kamati. Kuna kamati za maendeleo kuanzia ngazi ya kijiji hadi kaunti, kuna kamati za kusimamia miradi ambazo sahihi zao husubiriwa kabla ya mwanakandarasi kulipwa, na kuna kamati zinazopitia maombi ya basari katika wadi zote 30 za kaunti hii. Kazi hizi zote zina jambo moja linalofanana. Mwananchi wa kawaida hupewa karatasi yenye vigezo, huelezwa kwamba 1 ni chini na 5 ni juu, kisha huachiwa kalamu.

Somo hili linahusu karatasi hiyo. Mfano utakaotumika ni wa basari, na mahali ni Kathonzweni, kwa sababu ni rahisi kuona hasara inapotokea. Fedha zikitosha wanafunzi watatu na maombi yakiwa sita, alama moja au mbili huamua ni nani atakayerudi shuleni muhula ukifunguliwa na ni nani atakayebaki nyumbani akipalilia ndengu. Waombaji na wajumbe wanaotajwa hapa ni wa kubuniwa, na fomu yenyewe imerahisishwa ili hesabu ifuatike. Fomu ya kamati yako huenda ina vigezo vingine, lakini makosa ni yale yale.

Karatasi tatu, maombi sita

Chukua kamati yenye wajumbe watatu. Wamepewa maombi sita, na kila ombi linapimwa kwa vigezo vinne: mapato ya nyumbani, hali ya wazazi, salio la karo, na masomo pamoja na nidhamu. Katika vigezo vitatu vya kwanza, alama ya juu ina maana kwamba shida ni kubwa. Katika kigezo cha nne, alama ya juu ina maana kwamba mwanafunzi anafanya vizuri. Kila kigezo kina alama 5, kwa hivyo ombi moja haliwezi kuzidi 20. Kila mjumbe alijaza karatasi yake peke yake, kisha katibu akajumlisha hivi:

| Mwombaji | Mjumbe wa kwanza | Mjumbe wa pili | Mjumbe wa tatu | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 18 | 12 | 8 | 38 |
| 2 | 17 | 12 | 17 | 46 |
| 3 | 18 | 13 | 12 | 43 |
| 4 | 16 | 12 | 6 | 34 |
| 5 | 17 | 12 | 19 | 48 |
| 6 | 18 | 11 | 10 | 39 |

Kwa jumla hiyo, basari inaenda kwa mwombaji nambari 5, nambari 2 na nambari 3. Kikao kinaweza kufungwa hapo kila mtu akiamini kwamba wajumbe watatu wameamua kwa pamoja. Lakini ziba kwa mkono safu mbili za kwanza, ubaki na safu ya mjumbe wa tatu peke yake. Mpangilio wake ni 5, 2, 3, 6, 1, 4. Ukitazama tena jumla ya kamati nzima, mpangilio ni huo huo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wajumbe wawili walifanya kazi ya asubuhi nzima na hawakubadilisha nafasi ya mtoto hata mmoja.

Hawakukosa bidii. Kila mmoja alikuwa na kosa lake la kutoa alama, na kila kosa limeacha alama ya miguu kwenye karatasi.

Mjumbe wa kwanza: upole wa kalamu

Karatasi ya mjumbe wa kwanza ina visanduku 24, yaani maombi sita mara vigezo vinne. Ukivihesabu utakuta ameandika 5 mara nane na 4 mara kumi na sita. Tarakimu 1, 2 na 3 hazionekani popote. Wastani wa maombi yake ni zaidi ya 17 kati ya 20, ilhali wastani wa wenzake wote wawili ni 12.

Hili ndilo kosa la upole. Mara nyingi halitokani na ubaya wowote. Mjumbe anaishi na watu hawa, anakutana nao sokoni, kanisani na matangani, na hataki isikike kwamba ni yeye aliyemwandikia mtoto wa fulani 2. Pengine anaona kila aliyejaza fomu ana shida, jambo ambalo huenda ni kweli, hasa baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba kukosekana. Upole una ndugu yake, ambaye ni ukali. Huyo ni mjumbe anayeamini kwamba 5 ni ya malaika, basi wote wanapata 1 na 2. Kwenye karatasi ukali huonekana vivyo hivyo, ila umegeukia upande wa chini.

Kuna jambo kuhusu upole ambalo wengi hawalitambui. Pale ambapo wajumbe wote wanapima maombi yale yale, upole haumsaidii mwombaji yeyote. Ukimwongezea kila mtu alama 5, hakuna aliyempita mwenzake. Anayepoteza ni mjumbe mwenyewe, kwa kuwa sauti yake imepotea. Mjumbe wa kwanza aliwaona waombaji nambari 1, 3 na 6 kuwa ndio wenye uhitaji zaidi, akawapa 18 kila mmoja. Lakini tofauti kati ya 16 yake ya chini na 18 yake ya juu ni alama 2 tu, na mbele ya mjumbe wa tatu ambaye alama zake zinatoka 6 hadi 19, hizo 2 hazikusukuma kitu. Nambari 6 aliishia nafasi ya nne na nambari 1 nafasi ya tano.

Upole huuma kwa njia nyingine kabisa maombi yakiwa mengi na kamati ikaamua kuyagawa. Tuseme mjumbe wa kwanza anachukua fomu za kijiji kimoja na mjumbe wa tatu anachukua za kijiji cha pili, na kiwango cha kupita kimewekwa kuwa 15. Kwa kalamu ya mjumbe wa kwanza, wote sita kati ya sita wanapita. Kwa kalamu ya mjumbe wa tatu, wanapita wawili. Wazazi wa kijiji cha pili watasema kuna mapendeleo, na watatafuta jamaa wa nani yuko katika kamati, wakati chanzo ni kwamba fomu zao ziliangukia mkono mzito.

Dawa ambayo kamati nyingi hukimbilia ni kusawazisha, yaani kumpunguzia mjumbe mpole alama hadi wastani wake ulingane na wa wenzake. Hesabu hiyo ni halali ikiwa tu mafungu mawili ya fomu yanafanana kwa uhitaji. Na ikiwa kijiji cha kwanza ndicho kilichokosa mavuno? Basi kusawazisha kutawanyang'anya watoto wake kile walichostahili. Njia salama ni kuchukua fomu tano au sita na kuzipitisha kwa wajumbe wote kabla ya kugawa zilizobaki. Mjumbe aliye juu ya wenzake katika fomu hizo hizo ndiye mpole, na kiasi cha upole wake kinajulikana. Aliye sawa na wenzake katika fomu hizo, lakini fungu lake likapata alama za juu, huenda fungu lake kweli lina shida zaidi.

Mjumbe wa pili: kukaa katikati

Wastani wa mjumbe wa pili ni 12, sawasawa na wa mjumbe wa tatu. Mtu anayetazama wastani pekee atasema huyu hana tatizo. Lakini hesabu visanduku vyake: 3 imeandikwa mara ishirini, 4 mara mbili na 2 mara mbili. Hakuna 1, hakuna 5. Maombi manne kati ya sita yamepata 12 kamili, lingine 13 na lingine 11.

Kosa hili la kuvutwa katikati lina historia ndefu. Mwaka 1910 mwanasaikolojia Mmarekani Harry Hollingworth alieleza kwamba watu wakikadiria vitu vya ukubwa mbalimbali mfululizo, huvikadiria vikubwa kuwa vidogo kuliko vilivyo na vidogo kuwa vikubwa kuliko vilivyo, kana kwamba jicho linavutwa kuelekea katikati ya vile lilivyoviona. Katika kamati kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Mjumbe hamjui mwombaji, au fomu haikujazwa vizuri, au anaogopa kuulizwa. Hakuna aliyewahi kuitwa mbele ya baraza aeleze kwa nini alimpa mtu 3.

Hapo ndipo palipo na ugonjwa wenyewe. Tarakimu 3 katika karatasi ya mjumbe wa pili ina maana mbili zilizochanganyika. Wakati mwingine inamaanisha kwamba hali ya familia hii ni ya wastani. Wakati mwingine inamaanisha kwamba mjumbe hajui. Katibu anapojumlisha hawezi kuzitenganisha, na mtoto ambaye habari zake hazikupatikana anahesabiwa kama mtoto mwenye shida ya wastani. Mjumbe asiyejua afadhali aache kisanduku wazi na aweke mkwaju pembeni, kisha kamati imtume mtu aulize shuleni au kwa mzee wa kijiji. Kisanduku kitupu kinamsumbua katibu, na ni vizuri kimsumbue.

Baadhi ya kamati hufuta 3 kwenye fomu na kubaki na 1 hadi 4 ili watu walazimike kuchagua. Haifiki mbali, kwa sababu mjumbe aliyekuwa akijificha kwenye 3 atajificha kwenye 2 na 3. Wengine huweka sheria kwamba ni lazima mmoja apate alama ya juu kabisa na mmoja ya chini kabisa. Sheria hiyo ni mbaya zaidi, maana siku ambayo waombaji wote sita ni mayatima wasio na mlezi mwenye kipato, italazimisha tofauti ambayo haipo. Kinachosaidia ni kuipa kila tarakimu maana inayoonekana kwa macho. Kwa salio la karo, kwa mfano, kamati inaweza kukubaliana kwamba 5 ni mwanafunzi ambaye hajalipiwa hata robo ya karo ya mwaka, 2 ni aliyelipiwa robo tatu, na 1 ni aliyebakiza kidogo sana. Mjumbe mwenye taarifa ya karo mkononi na maelezo hayo mezani hana tena nafasi ya kujificha.

Mjumbe wa tatu: mwanga wa sifa moja

Sasa tufike kwa mjumbe ambaye karatasi yake ndiyo iliyoamua. Ukimpima kwa vipimo viwili vya juu, anapita vizuri. Wastani wake uko sawa, na ametumia tarakimu zote kuanzia 1 hadi 5. Wenzake wanamsifu kwa kuwa hana woga. Hii hapa karatasi yake yote:

| Mwombaji | Mapato | Wazazi | Karo | Masomo | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 2 | 2 | 2 | 2 | 8 |
| 2 | 4 | 4 | 5 | 4 | 17 |
| 3 | 3 | 3 | 3 | 3 | 12 |
| 4 | 1 | 2 | 1 | 2 | 6 |
| 5 | 5 | 5 | 4 | 5 | 19 |
| 6 | 3 | 2 | 3 | 2 | 10 |

Isome kwa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna mstari ambao tarakimu zake zinatofautiana kwa zaidi ya 1. Mwombaji mwenye mapato duni ana wazazi wenye hali mbaya, ana salio kubwa la karo, na tena ndiye bora darasani. Asiye na shida ya pesa hana shida ya wazazi, hadaiwi karo, na masomoni ni dhaifu. Je, Kathonzweni ndivyo ilivyo? Mtoto wa fukara anaweza kuongoza darasa na anaweza kushika mkia, na wa mwenye duka vilevile. Hakuna sababu ya safu ya masomo kupanda na kushuka pamoja na safu ya mapato. Zikitembea pamoja namna hii, mjumbe hakupima vigezo vinne. Alipima kitu kimoja na kukiandika mara nne.

Mtu aliyelionyesha hili waziwazi ni Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, katika makala aliyochapisha mwaka 1920. Alitazama alama ambazo maafisa wa jeshi waliwapa walio chini yao kwa umbo la mwili, akili, uongozi na tabia. Kilichomshtua ni jinsi alama hizo zilivyokuwa zikifuatana kwa ukaribu mno. Aliyepewa alama za juu kwa umbo alipewa za juu kwa akili na uongozi pia, kwa kiasi ambacho hali halisi ya binadamu haiwezi kueleza. Thorndike alikuwa ameona jambo kama hilo mwaka 1915 katika alama za wafanyakazi wa kampuni mbili kubwa. Alilipa kosa hili jina la halo, yaani lile duara la mwanga ambalo wachoraji huliweka juu ya kichwa cha mtakatifu. Mwanga unatoka mahali pamoja lakini unamfunika mtu mzima. Na kuna halo ya giza pia, ambapo dosari moja inafunika kila kitu.

Katika mfano wetu, mwanga ulitoka kwenye fomu. Mwombaji nambari 5 alijaza kwa mwandiko safi, akaambatisha barua iliyopigwa chapa, na alipoitwa aliamkia vizuri na kujibu kwa ufasaha. Matokeo yake ni ya juu. Fomu ya nambari 4 ililetwa na nyanya yake ikiwa imekunjwakunjwa, sehemu mbili zikiwa tupu, na matokeo si mazuri. Nyanya alipoulizwa maswali alijibu machache. Mjumbe wa tatu alipofika kwenye kisanduku cha karo, tayari alikuwa ameshaamua yeye ni nani na huyu ni nani.

Mtu akimuuliza kama mwandiko ulimwongoza, atakataa, na atakuwa anasema kwa moyo mweupe. Mwaka 1977 watafiti Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan. Kundi moja lilionyeshwa filamu ya mhadhiri akizungumza kwa uchangamfu, kundi lingine likaonyeshwa mhadhiri yule yule akizungumza kwa ubaridi. Kisha waliulizwa kuhusu sura yake, namna anavyojibeba, na lafudhi yake ya kigeni. Mambo hayo matatu yalikuwa yale yale katika filamu zote mbili, lakini waliomwona mchangamfu waliyapenda na waliomwona baridi yaliwaudhi. Walipoulizwa kama kumpenda au kumchukia kuliathiri hukumu hizo, walikana. Kwa hivyo kujiuliza moyoni kama umependelea hakutoshi. Inabidi kutazama karatasi.

Kipimo cha safu yenye ushahidi

Mstari ulionyooka peke yake hauthibitishi kosa. Mapato na hali ya wazazi hufuatana kwa kweli, maana nyumba iliyofiwa na wazazi wote mara nyingi haina kipato. Inawezekana pia mtu mmoja kuwa na shida pande zote na bado akawa bora darasani. Njia ya kutofautisha ni kutafuta safu moja ambayo jibu lake liko kwenye hati, si kwenye maoni, na kuilinganisha na alama ulizotoa.

Kwa basari safu hiyo ni ya karo. Shule hutoa taarifa ya karo inayoonyesha kilicholipwa na kinachodaiwa. Mjumbe wa tatu alipozitoa taarifa hizo na kuzisoma bila kutazama majina, alikuta kwamba nambari 4 hakuwa amelipiwa hata robo, kwa hivyo alistahili 5. Yeye alikuwa amempa 1. Nambari 5 alikuwa amelipiwa robo tatu, kwa hivyo alistahili 2, naye alikuwa amempa 4. Makosa yamekwenda upande ule ule wa mwanga na giza, na hiyo ndiyo dalili ya halo. Kama ingekuwa ni haraka au uchovu tu, makosa yangetapakaa huku na huku.

Safu moja ikishaonekana kupinda hivyo, zilizobaki zinafaa kupimwa upya. Barua ya chifu ilieleza kwamba nambari 4 amefiwa na wazazi wote na analelewa na nyanya asiye na kipato zaidi ya shamba dogo. Wazazi ni 5, mapato 4, karo 5. Masomo yanabaki 2, kwa kuwa hayo yalikuwa kweli. Jumla ni 16 badala ya 6. Kwa nambari 5, mama anafanya kazi ya mshahara mdogo na baba yuko, basi mapato 3, wazazi 3, karo 2, masomo 5, jumla 13 badala ya 19.

Katibu akirudi kwenye hesabu ya kamati, nambari 2 ana 46, nambari 4 ana 44, nambari 3 ana 43 na nambari 5 ana 42. Mtoto aliyekuwa wa mwisho amekuwa wa pili, na aliyekuwa wa kwanza amekosa kwa alama moja. Ni wazi sasa kwamba alama hiyo moja ingetakiwa kujadiliwa kwa makini, na hapo ndipo sauti zilizopotea za mjumbe wa kwanza na wa pili zingekuwa na faida.

Kupima kwa safu badala ya mstari

Njia ya kupunguza mwanga huo kabla haujaingia ni kubadilisha mpangilio wa kazi. Mjumbe anapopima mwombaji mmoja vigezo vyote vinne kabla ya kwenda kwa wa pili, anakuwa na picha ya mtu mmoja kichwani, na picha hiyo ndiyo inayoandika. Akipima kigezo kimoja kwa waombaji wote sita, kisha akarudi mwanzo na kigezo cha pili, analazimika kulinganisha karo na karo, mapato na mapato. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, limetumia wazo la namna hiyo katika kusahihisha mitihani ya KCSE. Kila msahihishaji hushughulikia swali au sehemu moja ya karatasi na kuipitisha kwa mwenzake, ili jibu zuri la swali la kwanza lisimbebe mtahiniwa hadi swali la mwisho. Wasahihishaji pia huanza kwa kusahihisha karatasi chache za pamoja na kulinganisha alama kabla ya kazi yenyewe, sawa na zile fomu tano za pamoja zilizotajwa hapo awali.

Kupima kwa safu kunachosha zaidi, kwa kuwa fomu inafunguliwa mara nne badala ya mara moja. Kamati yenye maombi 200 na siku moja haitaweza kufanya hivyo kwa vigezo vyote. Ikibidi kuchagua, ipime kwa safu vile vinavyotegemea maoni zaidi kuliko hati, kwa mfano mapato ya nyumba isiyo na mshahara, na iache vya hati vijazwe na katibu moja kwa moja kutoka kwenye taarifa. Hakuna haja ya wajumbe watatu kukadiria kiasi ambacho kimeandikwa kwenye karatasi ya shule.

Alama ziandikwe kabla ya mazungumzo. Mwenyekiti akisema kwanza kwamba familia ile anaijua, karatasi tatu zinageuka kuwa nakala za karatasi moja, na vipimo vyote vilivyoelezwa hapa vinakosa kazi kwa sababu hakuna tena cha kulinganisha. Na mjumbe ambaye mwombaji ni jamaa yake hatakiwi kupima upole wake kwa fomu hiyo. Anatakiwa kutangaza uhusiano huo na kutoka nje ombi hilo linapopimwa.

Kwa anayetaka kujipima baada ya kikao, kazi ni ya robo saa. Chukua nakala ya karatasi yako bila majina, kwa kuwa habari za familia hizi hazifai kuzunguka nje ya kamati. Hesabu umeandika kila tarakimu mara ngapi. Linganisha wastani wako na wa wenzako katika fomu mlizopima pamoja. Kisha pitisha kidole kwenye kila mstari, na pale ambapo tarakimu zimenyooka, fungua fomu na utafute hati ya kigezo kimoja tu. Ukipata muda, pima tena fomu tatu baada ya wiki bila kutazama alama za kwanza. Pale ambapo alama zako mbili zinatofautiana kwa 2 au zaidi, maelezo ya kigezo hicho bado hayajaeleweka, na ndicho cha kwanza kupelekwa mezani kamati ikikutana muhula ujao.